SOMO LA REDIO KWA WATU WAZIMA: NAMBA YA TOLEO

Mwalimu wa darasa, tafadhali weka chaki tayari, maana leo kuna jambo la kuandika ubaoni. Na kila mmoja awe na daftari na kalamu.

Somo letu la leo lawahusu wale wanaotengeneza mafuta ya kujipaka nyumbani, kisha wakayapeleka kuuzwa mbali. Mkiuza kwa jirani tu, jambo likiharibika jirani atakuja mlangoni kuwaambia. Lakini kikopo kikisafiri kwa basi mpaka mji mwingine, aliyekinunua hamjui, nanyi hammjui. Mtampataje siku mtakayotaka kumwambia, "Ndugu, acha kutumia"?

Tuseme kuna kikundi cha akina mama huko Pangani. Wanatengeneza krimu ya mafuta ya nazi na utomvu wa shubiri, na kila chungu kimoja kina kilo 6. Mwalimu, andika ubaoni namba hii: 25-03-12-B. Wanafunzi, isomeni pamoja.

Namba hiyo ni namba ya toleo. Toleo ni vikopo vyote vilivyotoka katika chungu kimoja, wakati mmoja, kwa vitu vile vile. Ishirini na tano ni mwaka 2025. Sifuri tatu ni mwezi wa Machi. Kumi na mbili ni tarehe. Herufi B ni chungu cha pili cha siku ile. Mwaka unatangulia ili namba zijipange zenyewe kwa mfuatano katika daftari. Kama katikati ya kazi mmefungua debe jipya la mafuta, chungu kinachofuata kipewe herufi nyingine, hata kama ni saa ile ile. Debe lile huenda ndilo bovu.

Namba iandikwe juu ya kikopo chenyewe, si juu ya kifuniko. Vifuniko hubadilishana dukani, na mtoto akicheza navyo ndiyo kabisa. Wala msiandike kwa kalamu ya kawaida, maana vidole vyenye mafuta huifuta kwa siku chache. Tumieni kalamu ya wino usiofutika, chini ya kitako cha kikopo, au bandikeni karatasi kisha mfunike kwa gundi ya utepe ya kuonekana ndani.

Lakini namba peke yake ni alama tu. Inakuwa na maana ikiwa kuna daftari. Kwa kila toleo daftari liwe na ukurasa wake: kila kitu kilichotiwa na uzito wake, namba ya toleo iliyo juu ya pakiti mliyonunua, jina la aliyepima, idadi ya vikopo vilivyojaa, na kila duka lilipewa vingapi. Tazameni ukurasa wa 25-03-12-B. Chungu kilikuwa na gramu 6,000, na kikopo kimoja huchukua gramu 100. Kwa hiyo tungetazamia vikopo 60. Vilipatikana 57, na kingine kilibaki kimegandamana na chungu. Viwili vikawekwa kabatini. Vilivyouzwa ni 55. Vikopo 20 vilikwenda Tanga, 15 Moshi, 12 Dar es Salaam, na 8 viliuzwa kimoja kimoja katika soko la Muheza.

Vile viwili vya kabatini ndivyo macho yenu. Kimoja hubaki kimefungwa. Cha pili kifunguliwe, na kila siku mtu atie kidole kama afanyavyo mnunuzi, maana kikopo hakiharibiki tu kwa kukaa, huharibika kwa vidole pia. Mtu huyo asijipake krimu hiyo, afute kidole. Kila tarehe ile ile ya mwezi vitazameni: rangi, harufu, maji kujitenga na mafuta, madoa juu. Andikeni hata kama hakuna kilichobadilika.

Sasa, krimu hukaa muda gani? Hapa watu wengi hukosea, nami nitasema polepole. Kuna aina mbili za kuharibika. Mafuta matupu, yasiyo na maji, huharibika kwa hewa, joto na mwanga: hunuka kama karanga za zamani. Mafuta ya nazi hustahimili kwa muda mrefu kuliko mafuta ya alizeti. Vitamini E husaidia hapo. Lakini krimu yenye maji au shubiri ina adui mwingine, yaani ukungu na bakteria, navyo hukua majini. Vitamini E haviui. Mtu anayesema, "Nimetia vitamini E, krimu yangu haitaoza," amefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Kwa hiyo krimu yenye maji hutiwa dawa ya kuzuia kuoza. Kikundi chetu hutumia sodiamu benzoeti, gramu 30 kwa chungu cha gramu 6,000. Dawa hii hufanya kazi krimu ikiwa na uchachu kidogo tu. Kipimo cha uchachu huitwa pH, na hupimwa kwa vipande vya karatasi vinavyobadilika rangi. Kwa kipimo cha 5 dawa hufanya kazi. Kikipanda kufika 6 na 7, nguvu yake hupungua sana. Ndiyo maana mapishi yao yana ndimu ya unga, yaani asidi ya sitriki, ya kuleta uchachu.

Kuhusu tarehe ya mwisho, kanuni yangu ni hii: msiandike miaka 2 ikiwa vikopo vyenu vya kabatini vina miezi 6 tu. Andikeni muda mlioushuhudia. Na kwa krimu yenye maji, jicho halitoshi, kwa kuwa bakteria wanaweza kuwa wengi mno na krimu ikabaki nyeupe na yenye harufu nzuri. Maabara hutia vijidudu vya makusudi ndani ya krimu na kuvihesabu kwa siku 28 kuona kama dawa inavishinda. Kabla ya kuuza mbali, mapishi yapimwe hivyo mara moja, na mara nyingine kila mnapobadilisha kitu.

Turudi Pangani. Tarehe 9 Mei 2025 mwenye duka la Moshi anapiga simu. Mteja amerudisha kikopo chenye madoa meusi. Jibu la kwanza la akina mama si kubishana, wala si kuuliza kama mteja alikiacha juani. Wanauliza jambo moja: "Tafadhali tusomee namba iliyo chini." Naye anasoma: 25-03-12-B.

Saa ile ile wanasimamisha uuzaji wa toleo hilo, hata kabla ya kujua sababu. Kisha wanafungua kabati. Kikopo cha 12-B kilichofunguliwa hakina doa. Je, hapo wafurahi? Hapana. Wanatia karatasi ya pH, nayo inaonyesha 7. Wanafungua daftari, na kwenye mstari wa ndimu ya unga hapana uzito ulioandikwa. Haikutiwa. Kikopo cha kabatini hakikuwa kizima, kilikuwa hakijapata ukungu wake tu.

Halafu wanapima matoleo ya jirani: 12-A ya asubuhi ile na 13-A ya siku iliyofuata. Yote mawili yanaonyesha 5, na kurasa zake zimejaa. Kwa hiyo kosa limekaa ndani ya toleo moja. Tazameni faida yake. Katika miezi ile walikuwa wamepika vyungu 12, karibu vikopo 680. Bila namba wangelazimika kuvirudisha vyote, au wanyamaze. Sasa wanatafuta 55.

Wanapiga simu kwenye kila duka, wala hawatumi salamu kwa mtu wa tatu. Kwa kila duka wanauliza: mlipokea vingapi, vimebaki vingapi? Tanga vimebaki 11, Moshi 6, Dar es Salaam vyote 12 bado havijauzwa. Jumla ni 29. Vilivyomo majumbani mwa watu ni 26, na vile 8 vya Muheza vimo humo, navyo ndivyo vigumu kupatikana.

Kwa hao hubandikwa tangazo dukani na sokoni, na husomwa penye watu wengi. Maneno yawe machache: "Krimu ya shubiri yenye namba 25-03-12-B chini ya kikopo imeharibika. Usiitumie, hasa kwenye kidonda au karibu na macho. Irudishe ulikoinunua urudishiwe fedha. Namba nyingine hazihusiki." Tangazo lisiloonyesha namba huwatisha wanunuzi wote. Na lisilosema kuwa krimu imeharibika hakuna atakayejisumbua nalo. Aliyeota vipele au macho kuwasha aende kwenye zahanati na kikopo chake mkononi.

Kadhalika waliarifu Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Huku Tanzania Bara kazi ya kusimamia vipodozi ilihamishiwa shirika hilo mwaka 2019. Mwenye kuuza kwa halali asiogope kuwaarifu. Mimi naona afadhali wasikie habari kwako kuliko kwa mteja.

Vikopo vinavyorudi vitiwe katika sanduku moja lenye alama nyekundu, mbali na krimu nzima, vihesabiwe na kuandikwa. Visiharibiwe kabla ya hesabu kukamilika. Baadaye krimu itolewe na kufukiwa pamoja na majivu, mbali na kisima, na vikopo vikatwe ili asije mtu akavijaza tena.

Majumbani vilirudi 14. Ukijumlisha na 29 vya madukani, vimepatikana 43. Bado 12 havijulikani viliko, na daftari lazima liseme hivyo hivyo, 12, bila kuficha. Ndiyo sababu tangazo lilibaki ukutani mpaka ilipopita tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye kikopo, yaani 12 Septemba 2025.

Kazi ya darasa. Kila kikundi kichukue kikopo kimoja cha zamani bila kuchagua. Someni namba yake, kisha tazameni saa: mtahitaji muda gani kutaja ndugu zake wote na duka walikokwenda? Ikipita saa 1, daftari lenu lina upungufu. Tafuteni ni mstari upi uliokosekana. Na wale wanaojifunza hesabu, andikeni: chungu cha gramu 4,500, vikopo vya gramu 50, vikopo 3 vimepungua, 2 vimewekwa kabatini. Vilivyouzwa ni vingapi? Mwalimu atasahihisha. Jibu ni 85.