Sato au Kambale katika Bwawa Dogo: Tatizo la Vifaranga Mchanganyiko Dodoma

Mada kwa semina ya wafugaji wa samaki na maafisa ugani

1. Utangulizi

Waandaaji waliniomba nilinganishe sato na kambale kwa ukuaji, gharama za chakula na soko. Maana ya ufugaji wa samaki sitaieleza, kwa kuwa waliopo hapa wanaifahamu. Maoni yaliyomo ni yangu, si msimamo wa ofisi.

2. Ulinganisho kwa ufupi

Kambale hukua haraka kuliko sato. Akilishwa vizuri kwenye maji ya joto, hufikisha nusu kilo au zaidi kwa miezi sita, wakati sato huwa na gramu 200 hadi 300. Pia kambale huvuta hewa juu ya maji, kwa hiyo huvumilia bwawa lililopungukiwa na oksijeni.

Chakula chake, hata hivyo, kinahitaji protini nyingi zaidi, asilimia 35 hadi 40, wakati sato mkubwa hutosheka na 25 hadi 30. Tuchukulie chakula cha sato ni shilingi 2,500 kwa kilo na cha kambale 3,500. Kilo moja ya sato ikitumia kilo 1.8 za chakula, gharama ni 4,500. Ya kambale ikitumia kilo 1.4, ni 4,900. Tofauti ni ndogo kuliko inavyosemwa. Mashudu ya alizeti tunayo tele mkoani, lakini yenye maganda mengi yana nyuzinyuzi nyingi, na samaki hanufaiki nayo sana.

Sokoni sato ana wateja wengi zaidi. Mama lishe na hoteli hutaka samaki mmoja wa kujaza sahani, na hapo sato wetu hushindana na sato wa Mwanza na perege wa Mtera. Kambale ana wapenzi wake, hasa akikaushwa kwa moshi, ila Waadventista Wasabato hawamli kwa kuwa hana magamba.

3. Tatizo lenyewe

Hesabu hizo zote zinachukulia kwamba sato aliyepandwa ni dume. Hapa ndipo ninapogombana na watu mwaka hadi mwaka.

Chukua bwawa la mita 20 kwa 15, lililopandwa vifaranga 600. Wakiwa madume, na wakibaki 540 wa gramu 250, mfugaji anavuna kilo 135. Wakiwa mchanganyiko, karibu 300 ni majike. Sato huanza kuzaa akiwa na miezi mitatu hivi, hata kabla ya kufika gramu 50. Jike hutaga, kisha huatamia mayai mdomoni na kwa siku hizo karibu hali kitu. Kila jike akitoa watoto 100 tu, bwawa limepata midomo 30,000 mipya, na baada ya wiki chache anarudia. Chakula cha samaki 600 sasa kinagombaniwa na kundi zima. Wakati wa mavuno wavu hujaa, mfugaji hufurahi, kisha mnunuzi anawatazama samaki wa vidole vitatu na kuondoka. Hapo huambiwa kwamba sato hafai Dodoma.

Dalili huonekana mapema: vishimo vya mviringo kwenye sakafu ya bwawa na makundi ya watoto kingoni asubuhi. Kabla ya kupanda, si rahisi kujua. Kifaranga wa gramu mbili hatambuliki jinsia kwa macho, na muuzaji anayesema "madume matupu" haulizwi zaidi. Vifaranga madume matupu hupatikana kwa kuwalisha chakula chenye homoni kwa wiki tatu hadi nne tangu waanze kula. Wakianza wakiwa wamechelewa, majike hubaki.

4. Mapendekezo

Mnunuzi aulize ni siku ngapi vifaranga walilishwa homoni na walianza wakiwa na umri gani. Muuzaji asiyejibu, vifaranga wake wasinunuliwe.

Wakifika gramu 30, wakaguliwe sehemu ya uzazi chini ya tumbo. Dume ana matundu mawili, jike matatu, na tone la wino husaidia kuona. Majike watolewe, waliwe nyumbani.

Kambale asichukuliwe kama mpinzani wa sato. Sato wakishafika gramu 50, waongezwe kambale wadogo kuliko wao, mmoja kwa kila sato 10 hivi. Watakula watoto wa sato, nao watauzwa. Wakiwa wakubwa kuliko sato, watamla sato mwenyewe.

Anayefuga kambale peke yake awatenganishe kwa ukubwa kila wiki mbili wakiwa wadogo, maana hulana, na azungushie uzio kingo za bwawa kabla ya mvua.

Mwenye kisima apande Septemba, avune kabla ya baridi ya Juni na Julai, kwani maji yakishuka chini ya nyuzi 20 sato hupunguza sana kula.

Narudi kwenye la kwanza, la muuzaji: ofisi zetu, kwa kadiri taratibu zinavyoruhusu, zimtake kila muuzaji aandike kwenye risiti kama vifaranga ni madume au mchanganyiko.