Koti Lililofika Ulaya

Leo ninakusimulia hadithi fupi. Watu wake nimewabuni, lakini mahali ni pa kweli, na huenda umewahi kumwona mtu kama huyu akishuka kwenye gari hapo mnapoishi.

Kijana mmoja alikulia Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda. Hapo senta alijulikana kama kijana wa kubeba maji. Akipita kwenye kibanda cha chai, hakuna aliyesogea ili akae. Siku moja akaondoka kwenda Kampala, akapata kibarua katika soko la St. Balikuddembe, lile ambalo wengi tunaliita Owino. Alibeba marobota ya mivumba, yaani nguo zilizokwisha kuvaliwa na watu wa nchi za mbali, zikafungwa, zikavuka bahari hadi Mombasa, kisha zikaletwa Kampala kwa lori.

Robota likifunguliwa asubuhi, wachuuzi hugombania nguo nzuri. Jioni hubaki zile zisizo na mwenzake. Ndivyo kijana alivyopata koti jeusi la suti lililopotelewa na suruali yake. Alilinunua kwa bei ndogo, akatafuta suruali nyeusi kwenye fungu jingine, akampa fundi wa cherehani palepale sokoni apunguze mikono ya koti. Pasi ya mkaa ikamaliza kazi. Viatu aliazima kwa mwenzake wa chumba.

Aliporudi Nakivale kuwasalimia wazazi wake, watu wa senta hawakumtambua mara moja. Walipomtambua, mwenye kibanda alifuta kiti cha plastiki kwa kitambaa, akasema, "Karibu bosi." Chai ikaja bila kuulizwa pesa. Wazee waliokuwa wakimtuma maji sasa walimuuliza maoni yake juu ya habari za dunia. Mtu akasema, "Huyu anafanya kazi na wazungu." Kijana hakukubali wala hakukataa. Heshima ilikuwa tamu, akanyamaza.

Kesho yake jioni, mama mmoja jirani akaja nyumbani kwao. Akafungua fundo kwenye ncha ya kitenge chake, akatoa shilingi 300,000. Alikuwa ameuza mbuzi wake.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "nisaidie. Niandikishe mimi na watoto kwenye safari ya Amerika."

Kijana akahisi jasho. Akavua koti, akaligeuza ndani nje. Kwenye mfuko wa ndani palikuwa na kitambaa kidogo kilichoshonwa jina la mtu mwingine, mzungu asiyemjua.

"Mama, soma. Hili koti limefika Ulaya. Mimi sijafika. Mimi nabeba marobota Owino, na viatu hivi si vyangu. Funga pesa yako."

Mama akamtazama kwa muda mrefu. "Sasa kwa nini jana ulinyamaza?"

Kijana hakuwa na jibu. Asubuhi alirudi kibandani amevaa fulana yake ya zamani, akalipia chai aliyokunywa juzi. Kiti cha plastiki kilikuwa kimekaliwa na mwingine.

Ndugu msikilizaji, mama yule aliokoka kwa sababu aliyevaa koti alikuwa mwaminifu. Lakini wapo wanaonunua koti kama lile kwa ajili ya lile fundo la kitenge. Hawahitaji kusema uongo mwingi. Sisi wenyewe tunaona suti, tunajaza yaliyobaki.

Basi shika jambo hili. Kuhamishiwa nchi ya tatu hakuuzwi. UNHCR ndiyo huchagua kesi kwa kutazama hatari na mahitaji ya familia, kisha nchi inayopokea huamua yenyewe. Nafasi ni chache sana: kwa mwaka, hazifikii hata mkimbizi mmoja kati ya mia moja duniani. Hakuna hatua inayolipiwa, si fomu, si mahojiano, si kipimo cha daktari. Kwa hiyo mtu akikuomba pesa ya "kufungua faili", amekwisha kujitaja mwenyewe, hata akiwa na kitambulisho shingoni. Akikuambia usimwambie mtu, hiyo ni dalili ya pili. Akitaka kuondoka na cheti chako cha familia, usimpe.

Unaweza kwenda mwenyewe kwenye ofisi ya UNHCR au ya Waziri Mkuu hapo makazini ukauliza kesi yako iko wapi. Kuuliza ni bure. Ukiwa Uganda, unaweza pia kupiga simu ya bure 0800 323 232, ukaeleza uliyoombwa.

Na mgeni akija amevaa vizuri, mpe kiti na chai, kama desturi yetu. Fundo la kitenge libaki limefungwa.