Kuweka manenosiri yako mwenyewe, hata usipoona skrini

Mazungumzo ya leo yanahusu jambo ambalo asiyeona hulifanya mara nyingi: kumtajia mtu mwingine nenosiri lake.

Chukua mfano wa mama asiyeona anayeuza viazi katika soko la Karatina. Ana akaunti ya eCitizen, ya KRA, ya sacco na ya barua pepe. Akaunti hizo nne zilifunguliwa saiba, na zote zina nenosiri moja alilochagua mhudumu ili lisisahaulike. Mhudumu analijua, kijana wake wa kiume analijua, na limeandikwa nyuma ya daftari la madeni. Hatari kubwa hapo ni barua pepe, kwa sababu aliye nayo anaweza kubonyeza "nimesahau nenosiri" kwenye zile nyingine na kuzichukua zote.

Mama huyo ana simu ya Android yenye TalkBack, kisoma skrini kinachotamka anachogusa. Lakini kwenye kisanduku cha nenosiri, mara nyingi TalkBack hutamka "nukta, nukta" badala ya herufi, ili jirani asisikie. Akikosea herufi moja hajui. Dawa ni kuvaa visikizi vya masikioni, kubonyeza kitufe cha kuonyesha nenosiri, kisha kulipitia herufi kwa herufi. Kwenye matatu ya kwenda Nyeri, bila visikizi, asithubutu. Pia afungue menyu ya TalkBack na kuchagua kuficha skrini: kioo kinakuwa cheusi kwa wanaochungulia, naye anaendelea kusikia.

Msaidizi wa sauti anafaa kufungua programu au kupiga simu. Kumsomea nenosiri ni kosa. Soko zima litasikia, na maandishi ya kutamka huongeza nafasi na herufi kubwa pasipotakiwa. Kibodi nyingi huondoa kabisa maikrofoni kwenye kisanduku cha nenosiri, kwa hiyo asidhani simu imeharibika.

Njia inayofaa ni kupunguza vya kukumbuka hadi vitatu: PIN ya kufungua simu, PIN ya M-PESA na nenosiri la akaunti ya Google. Hilo la Google liwe refu lakini rahisi kuandika. Kwa anayetumia TalkBack, kila alama ya ajabu inamaanisha kubadili ukurasa wa kibodi na kutafuta upya. Maneno manne yasiyohusiana, kwa herufi ndogo, kama ngazisufuriajionitwiga, huandikwa haraka zaidi. (Hili limeshatajwa hapa, basi lisitumike.)

Manenosiri mengine yatunzwe na Google Password Manager, iliyomo kwenye simu nyingi za Android. Mama abadilishe nenosiri la barua pepe kwanza, halafu sacco, KRA na eCitizen, akiiachia simu ibuni nenosiri tofauti kwa kila moja. Siku nyingine akifika kwenye kisanduku, pendekezo hutokea juu ya kibodi au chini ya skrini. Atelezeshe kidole hadi TalkBack ilitaje, agonge mara mbili, kisha aweke alama ya kidole ikihitajika.

Hapa kuna faida ambayo hata anayeona hana budi kuipenda. Hifadhi hiyo hulinganisha anwani ya tovuti, haiangalii sura yake. Mtu akituma kiungo cha tovuti bandia inayofanana na eCitizen, pendekezo halitokei. Wakati mwingine hukosekana kwa sababu tovuti imetengenezwa vibaya, lakini kabla ya kuandika kwa mkono, mama asome anwani herufi kwa herufi. Akisikia jina la tovuti lisiloishia na ecitizen.go.ke, aondoke.

Mpango huu una udhaifu wake. Anayejua PIN ya simu, au ambaye alama yake ya kidole imesajiliwa humo, anaweza kuifungua hifadhi yote. Kijana aliyesajili kidole chake ili acheze michezo ana ufunguo wa sacco. Alama hiyo ifutwe kwenye mipangilio, na PIN ibadilishwe.

Tena, simu inaweza kuibiwa au kutumbukia kwenye ndoo. Akaunti ya Google iliyowekewa uthibitisho wa hatua mbili hutoa misimbo 10 ya akiba, kila mmoja wa tarakimu 8 na wa kutumiwa mara moja tu. Mama anayejua Breli aiandike kwa kibao na kalamu yake ya kutobolea, kwenye karatasi ngumu, bila jina la akaunti, aihifadhi pamoja na hati ya shamba. Asiyejua Breli aitunze kwa ndugu mmoja anayemwamini, ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi, ambayo anaweza kuipapasa akija kutembea na kujua kama imefunguliwa.