Kukataa Kwenye Geti: Mkataba wa Tungule Baina ya Shamba na Hoteli



Nilikusudia mhadhara huu uhusu historia ya sheria yetu ya mauzo. Nimebadili nia kwa sababu ya kauli moja ambayo nimeisikia mara nyingi mno mwaka huu, vikaoni na hata midomoni mwa wanasheria wenzangu. Kauli yenyewe inasema hivi: mkulima wa Unguja hahitaji mkataba mrefu, anahitaji tungule nzuri, maana hoteli ina haki ya kukataa mali mbovu, na mwenye mali nzuri haki hiyo haimgusi. Nataka kuivunja kauli hii jioni hii, na niwieni radhi nikitumia muda mwingi kwayo. Yanayojulikana nitayapita. Wanafunzi wa mwaka wa pili wanajua kwamba sheria ya uuzaji wa bidhaa tuliyoirithi ina asili yake katika sheria ya Kiingereza ya 1893, na kwamba mali isiyolingana na maelezo ya mkataba, mnunuzi anaweza kuirudisha.

Kosa la kauli hiyo ni kudhani kwamba anayekataa mali huwa anaangalia mali. Mara nyingi anaangalia bei.

Chukueni kesi ya meli *Hansa Nord*, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Uingereza mwaka 1975. Kampuni ya Uholanzi, Cehave, ilinunua kwa kampuni ya Kijerumani, Bremer, mabaki ya machungwa yaliyokaushwa ili kutengeneza chakula cha mifugo. Bei ilikuwa kama pauni 100,000. Mkataba ulitaka mali isafirishwe ikiwa katika hali njema. Meli ilipofika Rotterdam, sehemu ya shehena katika ngama moja ilikuwa imeungua kwa joto. Wakati huohuo bei ya soko ilikuwa imeanguka. Mnunuzi akakataa shehena nzima, iliyoharibika na iliyo salama, akadai pesa zake zote.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Shehena iliuzwa kwa amri ya mahakama, ikanunuliwa na mtu aitwaye Baas kwa theluthi moja hivi ya bei ya mkataba. Siku hiyohiyo Baas akaiuza kwa bei ileile. Aliyemuuzia ni nani? Ni Cehave, yuleyule aliyeikataa. Na Cehave akaitumia kutengenezea chakula cha mifugo, kazi aliyoinunulia tangu mwanzo. Jaji Denning na wenzake wakaamua kwamba mnunuzi hakuwa na haki ya kuirudisha shehena, ila alistahili fidia ya kasoro iliyokuwepo. Nimeisomesha kesi hii kwa miaka mingi, na kila mwaka namwambia mwanafunzi asome kwanza habari ya Baas, kisha ndiyo asome sheria. Mali ilikuwa inafaa. Ambacho hakikumfaa mnunuzi ni bei aliyokwisha kuikubali.

Rotterdam ni mbali, lakini nimeyaona hayahaya pwani ya mashariki ya kisiwa hiki. Shangazi yangu analima tungule. Siku moja nilimpeleka na matenga yake sita kwenye hoteli moja. Tulifika saa moja na nusu asubuhi, tukaambiwa tungoje mlango wa uani. Jua likapanda. Saa saba mchana akatoka msimamizi wa stoo, akafunua tenga moja, akabonyeza tungule kwa dole gumba.

"Bi mkubwa, hizi zimeiva mno. Mpishi hazitaki."

"Mwanangu, jana si mliniagiza nyekundu? Na asubuhi hazikuwa hivi."

"Mimi nimetumwa tu, Bi mkubwa."

Wakati tukipakia, iliingia gari nyingine imejaa tungule za bara zilizoshuka Malindi, za bei rahisi kuliko zake. Zilikuwa nyekundu vilevile. Shangazi aliziuza zake Mwanakwerekwe alasiri ile, soko likiwa limelala, kwa bei ya kutupa. Mwenzangu mwenye kauli ile angesema nini hapa? Tungule zilikuwa nzuri.

Tungule ni kitu hai. Ikivunwa ikiwa na wekundu wa waridi, katika joto letu itakuwa nyekundu kamili baada ya siku mbili au tatu. Kuiweka juani kwa saa tano na nusu ni kuiozesha kwa makusudi. Kwa hiyo neno "iliyoiva vizuri", ambalo nimeliona katika mikataba mingi, halina maana mpaka useme saa ngapi na mahali gani. Andikeni rangi inayotakiwa wakati wa kufika kwenye geti, na mbandike picha yake kwenye mkataba. Kiwango cha kimataifa cha Codex cha mwaka 2008 kinagawa tungule madaraja matatu, na kwa daraja la kwanza kinasamehe asilimia 10 ya tungule zisizofikia daraja hilo, maadamu zinafikia la pili. Msamaha huo ndio ninaotaka mkulima aushikilie. Bila ya kuuandika, tungule moja yenye ufa inatosha kurudisha tenga zima.

Sasa nije kwenye muda wa kukataa, na kwenye kitabu ninachokipenda. Masheikh wa Kishafii waliohukumu na kusomesha katika mji huu, wa kizazi cha Sheikh Ahmad bin Sumait, waliutegemea *Minhaji* wa Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Katika mlango wa kurudisha mali kwa aibu, Nawawi anaweka shuruti kwamba kurudisha ni papo hapo, kwa kadiri ya desturi. Kisha anataja nyudhuru: mtu akiigundua aibu naye yumo katika sala au anakula, na amalize kwanza. Akiigundua usiku, na angoje asubuhi. Anaongeza kwamba lazima aache kuitumia mali ile. Aliyenunua mnyama, akaona aibu yake, kisha akamwacha na tandiko mgongoni, haki yake imeanguka. Tandiko tu! Tazameni uangalifu huo. Sheria ya Kiingereza inaridhika kusema "muda wa kiasi" na kutuachia tugombane mahakamani kiasi hicho ni kipi. Nawawi anakupimia kwa sala, kwa sahani ya chakula na kwa kucha kwa usiku.

Mtu atasema fikihi ina masharti mengine pia. Ni kweli kwamba mkataba wa hoteli si wa salamu, maana katika salamu bei hulipwa papo hapo na mali ikafuata, na hoteli zetu hulipa baada ya siku 30 au zaidi. Ni kweli pia kwamba fikihi haitaki bei isiyojulikana. Ndiyo maana nashauri mkataba mkubwa uwe ahadi ya msimu, na kila oda iwe ni mauzo yake: Alkhamisi jioni hoteli inaagiza kilo na siku za wiki inayofuata, bei inatajwa kwa kuangalia soko la siku hiyo, na haibadiliki tena mpaka Alkhamisi nyingine. Aprili na Mei, mvua za masika zikiharibu tungule na hoteli zikiwa hazina wageni, oda zitapungua. Zipungue kwa oda ya Alkhamisi, zisipunguzwe kwenye geti kwa kisingizio cha rangi.

Nawawi ana jambo la pili, nalo ni arshi, yaani fidia ya kasoro pale ambapo mali haiwezi tena kurudishwa. Hakati fidia hiyo kwa bei ya soko. Anatazama kasoro imepunguza thamani ya mali kwa uwiano gani, kisha uwiano huohuo unakatwa katika bei waliyopatana. Katika *Minhaji* hilo lina mahali pake maalumu, lakini hakuna kinachowazuia wawili kulishurutisha wenyewe tangu mwanzo kwa ridhaa yao.

Tufanye hesabu. Oda ni kilo 120, matenga sita ya kilo 20, bei shilingi 1,500 kwa kilo, jumla 180,000. Kwenye geti mnunuzi anachagua mwenyewe matenga mawili, yanamwagwa juu ya turubai na kuchambuliwa mbele ya mkulima. Katika kilo 40 zinapatikana kilo 7 zenye nyufa au rangi isiyo yake. Hiyo ni asilimia 17.5, kwa hiyo katika shehena nzima tunahesabu kilo 21. Toa msamaha wa asilimia 10, yaani kilo 12, zinabaki kilo 9. Tungule za namna hiyo zinafaa kwa supu na rojo. Sokoni siku hiyo nzuri ni 2,000 na za rojo ni 1,000, kwa hiyo kasoro imekula nusu ya thamani. Nusu ya bei yetu ni 750. Mara kilo 9 ni 6,750. Mkulima analipwa 173,250 na gari linarudi tupu. Hoteli ikikata 1,000 kwa kila kilo kwa kuwa ndiyo tofauti ya sokoni, imejipa faida ya mara ya pili, maana ilikwisha nunua chini ya soko.

Kukataa kabisa kubakie kwa kasoro gani? Kwa kuoza, kwa tungule zilizovunwa kabla ya siku za kungojea dawa hazijatimia, na kwa kasoro inayopita robo ya sampuli. Hapo simtetei mkulima hata kidogo. Mgeni anayekula ana haki kuliko sisi sote.

Meneja mmoja, mtu muungwana, alinijibu hivi: kasoro nyingine hazionekani getini, nipe saa 24. Nimeipima hoja yake kwa muda mrefu, na ina uzito. Lakini nilimuuliza stoo yake ya baridi ina nyuzi ngapi, akasema nne. Tungule ambayo haijaiva sawasawa ikilazwa kwenye nyuzi nne kwa siku kadhaa inaumizwa na baridi: inashindwa kuendelea kuiva, ngozi inafanya vishimo, nyama inalegea kama unga uliolowa. Kadiri anavyopewa muda, ndivyo anavyoweza kupiga simu shamba kulalamikia madhara aliyoyatia mwenyewe, na wala asijue. Kwa aibu ya ndani kabisa, funza kwa mfano, nampa mpaka asubuhi ya pili, awe ameitenga tungule yenyewe na kuipiga picha. Kwa rangi, nyufa, ukubwa na ugumu, simpi zaidi ya saa moja tangu gari kufika. Ikipita saa hiyo bila ya mtu kutoka, mali imepokewa. Akiipeleka stoo, imepokewa. Akiikata kachumbari, imepokewa.

Shangazi sasa hakubali oda isiyokuwa na kifungu hicho. Mtoto wake anaandika saa ya kufika kwenye karatasi mbili, na mlinzi wa geti anatia saini zote mbili kabla tenga la kwanza halijashushwa.