Maji ya Ukwaju: Tumbo Huhesabu Kiasi, Meno Huhesabu Mara



Mkwaju ni mti ujulikanao sana katika nchi ya Kenya. Hustawi pwani, hustawi Ukambani ambako huitwa kithumula, na huko Nyanza Wajaluo huuita chwaa. Matunda yake huuzwa sokoni, na maji yake hunywewa mchana wa jua kali na pia wakati wa kufuturu katika mwezi wa Ramadhani. Wazee wengi hujua jambo jingine juu yake: mtu aliyefunga choo akinywa maji ya ukwaju, hupata nafuu bila kusumbuliwa na msokoto wa tumbo. Neno hilo la wazee lina msingi. Lakini kila aliyekula ukwaju mbichi hujua pia kwamba meno hufa ganzi. Mambo hayo mawili hutoka katika asili moja, na afahamuye asili hiyo aweza kulitumikia tumbo lake bila kuyaharibu meno yake.

Asili hiyo ni asidi iitwayo tartariki, ambayo imo kwa wingi katika nyama ya ukwaju kuliko katika matunda mengi. Matumbo ya mwanadamu huchukua sehemu ndogo tu ya asidi hiyo na kuiingiza katika damu. Sehemu kubwa iliyobaki hushuka mpaka utumbo mpana, na katika safari hiyo huyazuia maji yasinyonywe yote. Pamoja nayo huenda utelezi wa tunda lenyewe, ambao nao hushika maji. Hivyo choo kilichokuwa kikavu na kigumu hulowana na kulainika. Tena bilauri ya maji iliyonywewa husaidia, maana watu wengi hufunga choo kwa sababu hawanywi maji ya kutosha.

Yafaa kutofautisha ukwaju na dawa kali. Sanamaki huyachokoza matumbo yenyewe hata yakasukuma kwa nguvu, na chumvi ya haluli huvuta maji mengi kwa mara moja, kwa hiyo mtu huenda chooni mbio. Ukwaju haufanyi hivyo. Aunywaye jioni hutazamia nafuu asubuhi ya pili yake, au hata siku inayofuata. Wauza dawa wa Uingereza katika karne ya 19 waliutia ukwaju pamoja na tini na sanamaki katika dawa moja ya kulainisha choo. Lakini nguvu kubwa ya dawa hiyo ilikuwa ya sanamaki. Basi asitarajie mtu kwamba ukwaju peke yake utafanya kazi ya haluli, wala asiongeze kipimo kila saa kwa kuwa haoni kitu.

Kipimo cha kiasi ni hiki. Twaa nyama ya ukwaju iliyokwisha kutolewa kokwa na nyuzi, ijaze vijiko vikubwa viwili, yapata gramu 30, yaani donge la ukubwa wa ndimu. Iloweke katika bilauri moja ya maji safi yaliyochemshwa na kuachwa yawe vuguvugu, muda wa nusu saa. Iponde kwa vidole vilivyooshwa, kisha ichuje kwa chujio la chai. Usitumie kitambaa kizito, maana hicho huzuia ule utelezi ambao una faida kwa tumbo. Chombo kiwe cha kioo, cha udongo usiopakwa rangi, au cha chuma kisichoshika kutu. Asidi hula shaba, nayo shaba iliyoyeyuka hudhuru. Siku ya kwanza nywa nusu bilauri. Kama tumbo halikukataa, siku ya pili nywa bilauri nzima, na hiyo yatosha kwa siku moja. Apitishaye hapo hupata gesi, msokoto na kuharisha, na hapo huwa amejinyima maji badala ya kujisaidia.

Sasa yaja habari ya meno. Jino limefunikwa kwa gamba jeupe liitwalo enameli, ambalo ni gumu kuliko mfupa wowote wa mwili. Ugumu wake watokana na madini, na madini hayo huyeyuka yakikutana na asidi. Wataalamu wana kipimo cha ukali wa asidi ambacho maji safi yana namba 7, na kila namba ishukapo moja, ukali huzidi mara kumi. Enameli huanza kuyeyuka karibu na namba 5 na nusu. Maji ya ukwaju kwa kawaida hufika karibu na namba 3, au hata chini yake. Ndiyo kusema kwamba ukali wake wapita mpaka wa enameli kwa mara mia na zaidi.

Hata hivyo mwili una mlinzi wake, nao ni mate. Mate huiosha asidi, huipunguza ukali, na kuyarudishia meno sehemu ya madini yaliyolegea. Kazi hiyo huchukua muda, yapata nusu saa mpaka saa nzima baada ya kumeza funda la mwisho. Mlinzi akipewa nafasi, hasara huwa ndogo. Asipopewa nafasi, enameli hupungua kidogo kidogo, wala haioti tena, kwa kuwa si kitu chenye uhai kama ngozi.

Hapa ndipo lilipo jambo kuu: tumbo huhesabu kiasi, bali meno huhesabu mara. Mfano wa watu wawili utalidhihirisha.

Mtu wa kwanza ni karani wa ghala mjini Mombasa. Kazi yake ni ya kukaa kitini, na chakula chake ni ugali wa unga mweupe, nyama na chai, mboga mara chache. Hupitisha siku tatu au nne bila kwenda choo. Shangazi yake amletea ukwaju kutoka Kitui na kumwambia, "Mwanangu, kunywa huu, tumbo litafunguka." Naye huloweka donge lake, hutia sukari, hujaza chupa na kuiweka mezani. Toka saa mbili asubuhi mpaka saa sita mchana hupiga funda moja kila robo saa. Jumla ni mafunda 16. Kila mate yakianza kuituliza asidi, funda jingine huja. Kinywa chake hukaa katika uchungu saa nne nzima, na kwa siku sita za kazi ni saa 24 kila juma. Tena sukari ile huwalisha vijidudu vya kinywani, navyo hutengeneza asidi yao wenyewe.

Mtu wa pili ni seremala, jirani yake, mwenye taabu ile ile ya tumbo. Yeye hutumia donge lile lile na bilauri moja. Lakini huinywa yote pamoja na chakula cha jioni, kwa dakika chache, bila kuizungusha kinywani, kisha husukutua kwa maji matupu. Mate yake hufanya kazi na kumaliza mapema. Kwa juma lile lile, meno yake hukutana na asidi yapata saa sita tu. Matumbo ya watu hawa wawili yamepokea ukwaju sawasawa, na nafuu yao yaweza kuwa sawa. Hasara ya meno ndiyo iliyotofautiana.

Baada ya miezi mingi karani ataona dalili. Kwanza maji baridi na upepo vitamchoma meno. Kisha ncha za meno ya mbele zitaonekana nyembamba, mwanga ukipita kama katika kioo. Uso wa jino utakuwa laini wenye kung'aa, na rangi itageuka kuwa ya manjano, kwa sababu sehemu ya ndani yenye manjano imeanza kuonekana. Juu ya magego vyaweza kutokea vishimo vidogo kama vikombe. Wengi hudhani manjano hayo ni uchafu, hivyo husugua kwa nguvu kwa mkaa au chumvi, na hapo huzidisha hasara. Aonaye dalili hizo na amwone mganga wa meno, amweleze wazi anywacho na jinsi anywavyo.

Kutoka katika mfano huo zatoka kanuni chache. Maji ya ukwaju yanywewe mara moja kwa siku, pamoja na chakula, wala si kwa kubugia kidogo kidogo mchana kutwa. Yasinywewe kitandani, maana mtu alalapo mate hupungua sana na asidi hukosa wa kuipinga. Baada ya kunywa, sukutua kwa maji matupu, lakini usipige mswaki mara moja, uwe wa dukani au wa mti. Enameli iliyolowa asidi imelegea, na mswaki huikwangua. Ngoja saa moja, kisha tumia dawa ya meno yenye floridi. Kama uchungu wamshinda mtu, na aongeze maji kuliko kuongeza sukari; ila ajue kwamba maji yaliyoongezwa hupunguza ukali kidogo tu. Na ukwaju unaonyonywa kinywani kama peremende, kama wafanyavyo watoto, ni mbaya kwa meno kuliko ule unaonywewa, kwa kuwa hukaa muda mrefu juu ya jino.

Wako pia watu ambao ukwaju hauwafai mpaka wamwulize daktari. Mwenye ugonjwa wa figo ni mmoja wao, kwa kuwa ukwaju una potasiamu nyingi, ambayo figo dhaifu hushindwa kuitoa. Atumiaye aspirini ni mwingine, maana imeonekana kwamba ukwaju huzidisha kiasi cha aspirini kiingiacho katika damu. Mwenye kiungulia au kidonda cha tumbo huongezewa maumivu na asidi hiyo. Mtoto mchanga asipewe kabisa.

Mwisho, ukwaju ni wa kufunga choo kwa kawaida, si wa kila ugonjwa wa tumbo. Tumbo likivimba na kukaza, mtu akitapika, asipitishe choo wala upepo, au akiona damu, asinywe ukwaju wala haluli. Na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda utumbo umeziba. Hali kadhalika, ikiwa baada ya majuma mawili ya kunywa kwa kipimo choo bado ni kigumu, au desturi ya choo imebadilika ghafula kwa mtu mzima, sababu yatakiwa itafutwe na daktari. Kwa wengine wote, baada ya siku chache za bilauri moja ya jioni, mboga, maharagwe, unga usiokobolewa na maji ya kutosha vyapasa kushika kazi hiyo, ili bilauri ya ukwaju irudi kuwa kinywaji cha siku moja moja.