Ushuru wa gari kuukuu
Msikilizaji wa Kimara unayepanga kuagiza gari dogo lililotumika, angalia kwanza mwaka lilipotengenezwa. Likiwa na miaka 8 hadi 10, TRA huongeza ushuru wa uchakavu wa asilimia 15. Likizidi hapo, asilimia 30. Tuseme thamani yake pamoja na ushuru wa forodha ni shilingi milioni 12: la miaka 9 litaongezewa milioni 1.8, la miaka 12 milioni 3.6. Nia ni kuwavuta wanunuzi kwenye magari yenye moshi kidogo. Lakini kinachopimwa ni umri, si moshi, tena mara moja tu, linapoingia nchini. Kuukuu linalofuka kila asubuhi Barabara ya Morogoro halidaiwi ushuru huo tena, na yanayoagizwa yakipanda bei, mwenyewe huzidi kulishikilia.