Jina ya kigari: pima ubao mbele ya kuchagua neno

(Maneno tuliyosema mu mukutano wa bamemba wanaouza chakula ku njia, Lubumbashi)



Tulipokuwa ku Zambia, mu kambi ya Kala, ya Mwange ao ya Meheba, hatukuandikaka jina ku fasi ya kuuzia chakula. Kila mutu alijua nani anapika vitumbula na nani anapika kunde. Ukituma mutoto "kwa mama wa ku pompi," anafika. Hapa Lubumbashi haiko vile. Ku soko ya Kenya, batu wanaopita hawatujue, na bengi wanapita mbio mu bisi. Mutu asiyekujua anajua paka kile anachosoma.

Tuchukue mambo ya dada yetu mumoja, yeye mwenyewe ametukubalia tuyaseme. Anauza vitumbula na uji asubui. Kigari yake iko na urefu wa santimetri 120. Aliandika: NEEMA YA MUNGU INATOSHA, na chini yake: VITUMBULA NA UJI. Hatuseme kama jina ile iko mubaya. Lakini mu njia ile ile kulikuwa na Neema zingine mbili. Bafundi wa kujenga nyumba walimuomba vitumbula 60 kila asubui. Wakatuma kijana "kwa Neema." Kijana akaenda ku Neema ya kwanza aliyoiona, siku tatu zikapita vile, na dada yetu amekaa na beseni ya vitumbula vinapoa. Hakuna aliyemuiba. Jina njo ilimupoteza.

Tulipoenda kuangalia, tuliona shida mbili. Ya kwanza ni ile ya jina kufanana. Ya pili ni hesabu, na hii bengi hatuifikirie. Bafundi wa kuandika vibao wanajua: herufi ya santimetri 2 na nusu inasomeka bila taabu ku metre 3. Ukiongeza herufi mara mbili, unaongeza na mbali mara mbili. Kwa ile herufi ya santimetri 15, mutu anasoma muzuri toka metre 18. Mutu wa macho makali atasoma toka mbali zaidi, lakini usihesabu juu yake.

Sasa, herufi moja ya kawaida, pamoja na nafasi yake, inakula mu upana karibu sehemu 8 ku 10 ya urefu wake. Herufi ya santimetri 15 inakula 12. Ku ubao wa 120, ukiacha pembeni 12 huku na 12 kule, unabakia na 96. Gawanya kwa 12: unapata herufi 8. Dada yetu aliweka 20 na nafasi tatu katikati, juu ya musitari mumoja. Kwa hiyo herufi zake zilibakia za santimetri 5 tu, na mutu alipashwa kufika metre 6 njo asome. Bisi inayokimbia kilometre 30 kwa saa inapita metre 8 kila segonde. Mutu wa mu bisi hakupata hata segonde moja.

Njo maana tunasema: pima ubao kwanza, kiisha utafute neno. Usifanye kinyume. Dada yetu alijua sasa anatafuta neno ya herufi 8, isizidi.

Tulikaa naye jioni moja, kila mutu analeta neno. Mumoja akasema aite MAZEMBE. Tukacheka, juu siku ya mechi na Lupopo, nusu ya muji hawatakula kwake. Mwingine akasema KANTEMBA, sawa vile tulizoea kule. Ni herufi 8 sawasawa, lakini ku Zambia kila kaduka kanaitwa vile. Ni sawa kuandika "duka" juu ya duka, na batu watatuita tena Bazambia. Mwingine akaleta DENI KESHO. Ilichekesha sana, lakini dada yetu mwenyewe akakataa: kila mutu atakuja kesho kuomba deni, na atamuonyesha ubao. Muchezo wa jina usiwe muzigo wa mwenye kuuza.

Mwisho mama mumoja muzee akasema: UTARUDIA. Tukanyamaza, kiisha wote tukacheka. Hesabu: U, T, A, R, U, D, I, A. Nane. Muteja anaelewa: ukikula hapa, utarudia. Siye tunasikia na kintu kingine, juu tumekuwa batu wa kurudia. Neno moja, masikio mbili, na hakuna anayetukanwa. Mutu asiyejua habari yetu anacheka vile vile.

Mbele ya kupaka rangi, tulijaribu kwa mudomo. Jina inasemwa mara mingi kuliko kusomwa. Tuliuliza: "Ulinunua wapi?" Jibu: "Kwa Utarudia." Inatoka bila kukwama. Kiisha tulituma mutoto wa jirani, tukamuambia jina mara moja tu, na kisha saa moja tukamuuliza. Hakusahau. Jina ambayo mutoto anaisahau mu saa moja, muteja ataisahau mbele ya kufika nyumbani.

Juu ya rangi: nyeusi juu ya manjano inaonekana mbali. Nyeupe juu ya buluu nzito pia. Nyekundu juu ya nyeusi, ao buluu juu ya nyeusi, inapotea, hata herufi ikiwa kubwa. Na mu kipwa, vumbi yetu nyekundu inakaa juu ya yote, pangusa ubao kila asubui. Dada yetu alichagua nyeusi juu ya manjano. Akasema nyeusi ni ya Mazembe, manjano ni ya Lupopo, wote waje wakule.

Fundi alichora kwanza na chaki. Hii musiache. Mufundi akianza tu na burashi toka kushoto, herufi za mwisho zinabanana, na UTARUDIA inakuwa UTARUD na mukia mudogo. Mukono wa herufi uwe sehemu moja ku tano ya urefu: kwa 15, weka 3. Ukiwa mwembamba, toka mbali haionekane. Ukiwa munene sana, tundu ya ndani ya A na ya D inajifunga.

Ubao wa kwanza ulikuwa mbele ya kigari, chini. Bateja wakisimama, wanaufunika. Sasa uko juu ya paa, juu ya vichwa. Lakini unaangalia njia, na mutu anayekuja toka pembeni hauone mbele ya kufika. Upande wa kigari ni mufupi, UTARUDIA ingebakia ndogo. Kwa hiyo ku pande mbili hatukuandika kitu. Tulichora kitumbula kikubwa kimoja, kimeng'atwa. Hata mutu asiyejua kusoma anaelewa. Na kwa busiku, taa ndogo ya jua inawekwa mbele ya ubao, isiwe nyuma, juu ya nyuma inamulika macho ya bateja na jina inabakia giza.

Bafundi wa ile nyumba wanatuma sasa "kwa Utarudia," na vitumbula 60 vinafika kwao. Lakini tuseme kweli yote: jina ile ni deni. Siku mafuta ni ya zamani ao vitumbula vimelala, batu watasoma ubao na watacheka kwa kichwa ingine. Dada yetu anajua, njo maana anaamuka saa kumi ya usiku.

Mwenye anataka kubadirisha jina, alete kipimo ya ubao wake ku mukutano wa mwezi unaokuja. Neno tutalitafuta pamoja.